Ufunguo Tumboni mwa Mpira

Tusidanganyane: Oketch hakujua kucheza mpira. Akipiga, mguu unapita na mpira unabaki. Akikimbia, anafika pale mpira ulipokuwa kitambo. Lakini kila Jumamosi, kwenye kiwanja cha vumbi kati ya nyumba za reli pale Makongeni, Oketch alicheza kuanzia mwanzo hadi giza, kwa sababu mpira ulikuwa wake. Sheria haikuandikwa popote ila kila mtoto aliijua: mwenye mpira haachwi nje. Asingekuwa nao, wale manahodha wawili, Nyongesa na Kabiru, wangechagua watu wote hadi vitoto vyenye makamasi, na Oketch angebaki kukaa kwenye jiwe akitazama.

Kwa hiyo aliutengeneza kwa bidii. Na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, juala ni mali, si kitu cha kuokota kila pembe. Jumamosi hiyo alizunguka asubuhi nzima. Aliomba karatasi za plastiki za mkate kwa jirani, akaosha pakiti za maziwa hadi harufu ya kuchacha ikaisha, akapewa nailoni kubwa iliyofunika godoro jipya la mtu. Majuala matatu ya zamani aliyatoa kwenye akiba ya mama yake, Adoyo, ambaye huyakunja na kuyalaza chini ya godoro kama hati ya shamba. Vile vidogo alivisokomeza mfukoni mwa kaptula.

Sasa, mfuko huohuo ulikuwa na ufunguo wa nyumba. Adoyo hupika chapati hotelini Umoja na hurudi jua likizama, kwa hiyo Oketch ndiye hubaki na ufunguo. Alikuwa amekwisha kupoteza funguo mbili. Baada ya ule wa pili mama alimfundisha kuufunga ndani ya kipande cha juala, mafundo mawili, usije ukachomoka. Kisha akamwambia kwa sauti ya chini, ile mbaya kuliko kelele: "Ukipoteza wa tatu, kiwanja utakiona kupitia dirisha mpaka shule zifunguliwe."

Oketch alifunga kufuli, akaketi mlangoni, akaanza kazi. Katikati aliweka kipande cha sponji ya godoro, maana mpira wa majuala matupu haudundi, unaanguka tu na kulala. Sponji akaizungushia vijuala vidogo vyote vilivyotoka mfukoni. Akatia bonge hilo ndani ya juala moja, akalikaza, akasokota mdomo, akaligeuza, akavuta kilichobaki kikafunika upande wa pili, akasokota tena. Juala juu ya juala, kila moja likisokotwa upande tofauti ili uvimbe usikae mahali pamoja. Mwisho akaufunika kwa ile nailoni.

Halafu kamba, zilizofumuliwa kutoka gunia kuukuu. Alizipitisha kwanza kutoka juu hadi chini, kama anayegawanya chungwa, kisha akazungusha kwa upande, na kila kamba zilipokutana alipiga tanzi moja kabla ya kuendelea. Ukiacha tanzi hilo, teke la tatu tu kamba zinateleza na mpira unatoa utumbo. Ncha ya mwisho akaizamisha chini ya kamba nyingine kwa msumari. Akauangusha kutoka kiunoni, ukadunda hadi gotini. Akacheka peke yake.

Kiwanjani walimweka golini, upande wa Nyongesa, kama kawaida. Mchezo ulikuwa mtamu. Vumbi, kelele, mtu kuanguka na kuamka bila kuulizwa hali. Wakafunga, wakafungwa, wakafika manne kwa manne. Oketch akaingiza mkono mfukoni kutafuta kitambaa cha kupangusa jasho, akakosa kitambaa. Akakosa na kitu kingine.

Alisimama kama aliyemwagiwa maji baridi. Akapekua mfuko mzima. Akakumbuka mlangoni, vile vijuala vidogo, kimoja kikiwa na mafundo mawili. Ufunguo ulikuwa pale katikati ya kiwanja, ukipigwa mateke na watoto kumi na wanne.

Afanyeje? Akiomba mpira ufunguliwe, mchezo umekwisha, watamchukia, na kesho hana mpira wala jina. Asipouomba, mama atakuta mlango umefungwa. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye paa za mabati, na Oketch aliogopa kwelikweli.

Ndipo akawaza ujanja. Kila mpira ulipofika mikononi mwake, aliuchelewesha kidogo na kuchokoa ile ncha kwa ukucha. Mara ya kwanza ikachungulia. Mara ya pili ikatoka yote. Mara ya tatu akalegeza matanzi mawili.

"Oketch, mbona ball imeota tumbo?" Nyongesa aliuliza.

"Ni jua," alisema Oketch. Jua lenyewe lilikuwa linaaga.

"Mwenye kufunga sasa ndio ameshinda!" Kabiru akapiga kelele. Taa ndefu ya mtaa, ile waiitayo mulika mwizi, ilikuwa imeanza kuwaka. Kabiru akampita mtu wa kwanza, akampita wa pili, akaachilia shuti.

Mpira ukapasuka hewani. Kamba zikaruka huku na kule, nailoni ikafunguka na kumgonga Oketch kifuani, akaikumbatia. Lakini bonge la ndani, lile lenye sponji, lilipita kando ya mkono wake, likabingirika katikati ya mawe mawili ya goli. Oketch akatupa nailoni, akalirukia, akalirarua kwa meno. Ufunguo huu hapa.

"Goli!" Kabiru alipaza sauti.

"Goli gani? Kipa ameshika ball!" Nyongesa akaja juu. "Hiyo iliyopita ni takataka!"

"Takataka ni ile ameshika!"

Walisukumana, wakatukanana kidogo, kisha Nyongesa akamgeukia Oketch, macho yakimwomba. "Wewe ndio fundi. Waambie. Ball ni gani?"

Neno moja tu, na kwa mara ya kwanza maishani angekuwa kipa aliyeokoa mechi. Alilitamani neno hilo. Lakini alijua mpira wake ulianzia wapi.

"Ball ni hii yenye sponji," alisema. "Ni goli. Na mimi ndio nilifungua kamba. Ufunguo wetu ulikuwa ndani."

Upande wa Nyongesa ulipiga kelele ambazo sitazirudia. Mmoja aliapa kwamba Oketch hatacheza tena hata alete mpira wa ngozi. Oketch akainama kuokota majuala, machozi yakimlenga.

"Oketch!" Adoyo alikuwa amesimama ukingoni mwa kiwanja, kikapu mkononi. "Ufunguo uko wapi?"

"Uko hapa, mama."

Adoyo aliutazama ufunguo, akatazama majuala yaliyotapakaa, akayatambua matatu. Akamshika sikio. Wakaanza kwenda.

"Mathe ya Oketch!" Kabiru aliwakimbilia, akihema. "Kesho baada ya kanisa mwachilie, tafadhali. Ni wetu huyo. Nishamchagua."

"Sina mpira," alisema Oketch, kichwa kikiwa upande.

"Nani amekuuliza mpira? Tutacheza hata na chupa. Nataka kipa ambaye akisema hiyo si goli, hakuna mtu atabishana."

Vidole vya Adoyo vilivyoshika sikio vililegea, vikaachia. Oketch alitembea hadi mlangoni akiwa amelaza kichwa upande uleule, amesahau kwamba ameachiliwa.