Kurasa Mia Tatu na Kumi na Mbili za Ukuta

Jina la Mkasi alilipata gazetini, alikopunguza makala za watu kwa miaka ishirini. Alipostaafu, shemeji yake, wakili aliyeitwa Ngurumo kwa sababu ya sauti yake, alimchukua ofisini kwake afupishe kumbukumbu za mahakamani. Ngurumo alikuwa amemwoa dada yake Mkasi, hivyo kazi ilipatikana bila usaili. Lawama nazo hazikuhitaji usaili.

Shauri lenyewe lilikuwa la mwokaji mikate, mteja wa Ngurumo, aliyemshtaki jirani yake kinyozi kwa kujenga ukuta uliovuka mpaka kwa mita moja. Mita hiyo ilisikilizwa siku nne na ikazaa kurasa mia tatu na kumi na mbili. Msaidizi wa wakili, mama wa makamo aliyetunza mafaili yote ya ofisi, alitaka mtiririko mfupi: nani alisema nini, hakimu aliamua nini, ukurasa wa ngapi. Habari za nani aling'ara hakuzihitaji.

Mkasi alisoma kumbukumbu mara mbili, huku hoja akiziweka upande mmoja na maamuzi upande mwingine. Alipofika siku ya pili alimkuta shemeji yake akihutubia kurasa thelathini na tano, kuanzia mipaka ya mataifa ya kale hadi uvumilivu wa marehemu babu yake. Akaandika: "Wakili wa mdai alidai kuwa ukuta umevuka mpaka kwa mita moja (uk. 97–131)."

Ngurumo alipouona mstari huo alikaa chini. Akauliza babu yake yuko wapi. Kisha akataka neno "alidai" liondolewe, liwekwe "alithibitisha", au hata "aliwasambaratisha". Mkasi akamweleza kwa upole kwamba kuthibitika ni kazi ya hakimu kusema, na hakimu hajasema. Jioni dada yake akapiga simu kulalamika kwamba kaka mtu anamfanya mume wake aonekane kama aliyekwenda mahakamani kusalimia tu. Mwokaji naye, alipoonyeshwa kurasa sita za mtiririko, alilalamika kwamba zinampendelea kinyozi, maana maneno ya kinyozi nayo yalikuwemo.

Mkasi hakubadili kitu.

Wiki hiyo Ngurumo aliandaa hoja za mwisho za maandishi. Sehemu kubwa ilisimama juu ya jambo moja: kwamba mahakama iliikataa ramani iliyoletwa na upande wa kinyozi, baada ya yeye kuipinga kwa saa mbili kwa kuwa haikuwa na saini ya mpima ardhi. Msaidizi akaanza kulinganisha rasimu na mtiririko, mstari kwa mstari, kama ilivyo kawaida yake. Akafika kwenye ramani, akasimama, akaenda kufungua kumbukumbu zenyewe. Kisha akawaita wote wawili.

Mtiririko ulisema: "Pingamizi dhidi ya ramani (uk. 160–187). Hakimu: uamuzi utatolewa baada ya kumsikiliza mpima ardhi (uk. 188). Uamuzi haukuonekana hadi mwisho wa kumbukumbu."

"Aliikataa," alisema Ngurumo. "Nilimwona kwa macho yangu akitikisa kichwa."

"Shemeji, kichwa hakikuandikwa," alijibu Mkasi.

Msaidizi hakuwaacha waendelee. Aliweka kidole mistari michache chini, kwenye ushahidi wa mpima ardhi: alikiri kuichora ramani hiyo, na akaeleza kuwa kwa mujibu wa ramani ukuta umevuka mpaka kwa sentimita arobaini (uk. 203). Kinyozi aliileta ili kuonyesha kwamba ukuta haukuvuka kwa mita nzima.

"Mzee," msaidizi alimwuliza Ngurumo kwa heshima zote, "hii ramani tuliyoipinga, uliisoma?"

 Ngurumo alisema alikuwa ameshughulika na saini.

Waliandika barua mahakamani, nakala kwa wakili wa kinyozi, kuomba uamuzi uliosahaulika. Hakimu akaziita pande zote, akakiri kwamba jambo hilo lilimpita, akaipokea ramani kuwa kielelezo. Ngurumo alishindwa pingamizi lake la saa mbili, akarudi ofisini kuandika upya hoja zote, safari hii akiisifu ramani ile ile.

Hukumu ilitoka mwezi uliofuata: ukuta urudishwe nyuma sentimita arobaini. Nje ya mahakama Ngurumo alimwambia mteja wake kwamba tangu siku ya kwanza alijua ramani itawaokoa. Mwokaji, aliyekuwepo siku zote nne, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaenda kumshukuru msaidizi na Mkasi.

Siku mbili baadaye Mkasi alipita mtaa wa mwokaji kununua mkate. Kinyozi alikuwa ameshaanza kubomoa mwenyewe, vumbi hadi kwenye nyusi, na mwokaji alikuwa amechuchumaa kando yake, amemshikia ncha ya futi kamba.