Tarakimu Sita za Bibi Risiti

"Ujumbe huu hata mbuzi akiusoma ataagiza," alisema Mtaalamu mbele ya shangazi yake, akabonyeza kitufe cha kutuma kwa kidole kimoja, kama waziri anayefungua daraja.

Jina la Mtaalamu alijipa mwenyewe. Hadi mwezi uliopita alikuwa mbeba katoni tu katika ghala la shangazi yake, wanapouza sabuni na karatasi za chooni kwa jumla. Ndipo akamshawishi shangazi aweke mfumo wa kuagiza mtandaoni. Shangazi alikubali, ila si mtu wa kushiba maneno. Alimpa kiti cha kuzunguka na sharti moja: Ijumaa saa sita mchana, wateja ishirini wawe wameagiza wenyewe kwenye mfumo. Wakipungua, atarudi chini ya katoni.

Tusimwonee, maelezo yalikuwa sawasawa. Ndugu mteja, fungua kiungo hiki. Ingiza namba ya simu uliyosajili kwetu. Utatumiwa tarakimu sita, ziandike. Chagua bidhaa, taja idadi ya katoni, si vipande. Thibitisha, upewe namba ya oda. Kisha lipa kwa simu kwenye namba yetu ya biashara, na panapoulizwa kumbukumbu andika namba ya oda yako. Oda iliyolipwa kabla ya saa nne asubuhi inafika kesho yake. Na mwishoni, kwa herufi nyekundu: tarakimu sita ni siri yako, usimpe mtu yeyote, hata akisema ni mfanyakazi wetu.

Kilichomponza ni mapambo. Aliona maandishi matupu ni ushamba, akaugeuza ujumbe wote kuwa picha, maua pembeni, na sura yake mwenyewe juu kabisa, kidole shavuni. Sasa kiungo kilicho ndani ya picha ni kama maji yaliyo ndani ya picha: hayakati kiu. Wateja walibonyeza wakachoka. Mwenye duka mmoja alibonyeza hadi picha ikapanuka, akabaki anatazamana na pua ya Mtaalamu kioo kizima.

Jumatatu hakuagiza mtu. Jumanne vilevile. Mbeba katoni mwenzake wa zamani, waliyemwita Kifua, akawa kila akipita anamgusa bega na kumpa pole mapema.

Jumatano Mtaalamu aligundua kosa lake. Dawa ilikuwa kutuma ujumbe upya kwa maandishi, kazi ya dakika mbili. Lakini shangazi naye angeupata, angeuliza wa kwanza ulikuwa na nini, na yule mbuzi angetajwa. Mtaalamu akaona heri uongo wa siku tatu kuliko aibu ya dakika mbili.

Simu ya ofisi ilikaa mezani kwa shangazi, kwa hiyo alitumia yake. Alijibanza nyuma ya marobota ya karatasi za chooni, kompyuta magotini, akawapigia wateja mmojammoja. Anaingiza namba ya mteja, tarakimu sita zinaenda kwa mteja, naye anaomba asomewe. Unataka nini, mama? Katoni ngapi? Haya, namba yako ya oda ni hii, nenda kalipe. Wateja walifurahi mno. Mfumo gani mtamu kama huu, unakupigia wenyewe?

Alhamisi jioni shangazi alitazama orodha, akampigia mama yake Mtaalamu kumwambia kwamba mtoto amerithi akili za babu. Kifua aliacha kumgusa bega.

Ijumaa, saa tano na robo, walikuwa kumi na tisa. Alibaki mteja ambaye hakuna aliyependa kumpigia: Bibi Risiti, aliyehifadhi kila karatasi aliyowahi kupewa dukani, na kusoma mpaka maandishi ya chini ya boksi. Mtaalamu akajikaza. Bibi akapokea, akazisikiliza zile salamu tamu, akaulizwa tarakimu sita.

"Subiri," akasema, akakata.

Saa sita kasoro dakika kumi aliingia ghalani, miwani puani, amepiga chapa ile picha ya maua na kuikunja mara nne. Alimpita Mtaalamu bila kumtazama, akaenda moja kwa moja mezani kwa shangazi.

"Mwanangu, una mwizi," alisema, kidole juu ya herufi nyekundu. "Mmeandika hapa nisimpe mtu. Leo mtu kanipigia anazitaka, na jirani zangu wote wamempa."

Shangazi alisimama. Mtaalamu naye akasimama, akasema kwa ukali kwamba matapeli wamezidi, suala hili alishughulikie yeye, bibi amwachie tu.

"Sina haja ya kukuachia, mjukuu wangu. Namba yake ninayo."

Akaibonyeza, akaweka simu sikioni.

Mfuko wa suruali ya Mtaalamu ukaanza kuimba. Kifua, katoni mbili begani, akasimama pale pale mlangoni. Mtaalamu akatazama dari kana kwamba wimbo unatoka huko.

Shangazi akakaa taratibu.

"Pokea, mwanangu," alisema. "Huenda ni mteja."