Wa Kwanza Kutoka Majini

Walimwita Samaki, kwa kuwa ukishamtia binti huyu bwawani, kumtoa ni kesi. Lakini wiki hii kesi ilikuwa kumwingiza. Mwalimu wake wa darasa, aliyewapeleka kuogelea, alimwona viwiko vimechubuka, akamketisha ukingoni. Tangu hapo wenzake walikwepa kumshika mkono.

Baba yake, fundi seremala, aliishika kalamu kama patasi. Akamwandikia mwalimu kwamba mwanawe ana pumu ya ngozi, si upele, na haiambukizi! Na kuanzia leo HATAOGELEA, asije akadhalilishwa tena.

"Hii barua au radi?" mkewe aliuliza, huku akimpaka mtoto mafuta mazito nyuma ya magoti.

"Acha waijue hasira yangu."

"Hasira yako wataijua. Mwanao je?"

Samaki alikuwa ameinamisha kichwa. "Baba, nilitaka uwaambie niingie."

Fundi akaisoma tena barua yake. Ni kama alikuwa amepima kwa makini mlango wa nyumba ya watu wengine. Akaichana karatasi.

"Haya, mteja. Sema unachotaka."

Wakaandika upya, mtoto akisema, mama akiongeza aliyoelezwa na muuguzi wa kliniki:

"Mwalimu, salaam. Mwanetu ana pumu ya ngozi, haiambukizi. Anaruhusiwa kuogelea, isipokuwa ngozi ikiwa imepasuka au inatoa majimaji. Siku hizo tutakujulisha. Kabla ya kuingia majini apakwe mafuta yake. Akitoka, ajimwagie maji safi papo hapo, maana dawa ya bwawa ikikaukia ngozini inachoma. Ajifute kwa kugusagusa bila kusugua, kisha ajipake tena. Darasani, joto na jasho humwasha, tafadhali asikae juani. Akijikuna, kumwambia 'acha' hakumsaidii. Kitambaa chenye maji baridi humsaidia, au kitu cha kuchezea mkononi. Kopo la mafuta limo mkobani, mruhusu atoke kujipaka."

Asubuhi mwalimu aliisoma akiwa amesimama mlangoni pa darasa. Fundi alikunja mikono, ugomvi ameushika tayari.

"Pale dirishani penye jua nilimweka mimi," mwalimu alisema. "Nikidhani namfanyia hisani, apate hewa. Na 'acha kujikuna' nimemwimbia kutwa. Nisamehe, baba."

Ugomvi ukakosa pa kutua.

"Tatizo ni bafu," mwalimu aliendelea. "Bwawani bafu ni moja, na foleni ni ya darasa zima. Dawa itamkaukia akingoja." Akafikiri kidogo. "Basi atoke kabla ya wenzake, aoge na kujipaka wao wakiwa bado majini. Na darasa nitalieleza mwenyewe kwamba haiambukizi, kama mwanao hatajali."

"Muulize mwenyewe," fundi alisema. "Mimi karani wake tu."

Siku ya kuogelea Samaki alirudi nyumbani nywele mbichi, shingo inang'aa mafuta.

"Baba! Leo nimetoka wa kwanza!"

"Wewe? Ukatoka bila kesi?"

"Nilikata rufaa kidogo," alisema, akinyoosha mkono apakwe tena kiwiko.