Waliohesabiwa Karurumo

Kendi alikuwa na digrii, miwani, na kazi ambayo hakuna mtu wa kwao aliyeielewa. Mama yake, kule Meru, aliwaambia majirani kwamba binti yake anafanya kazi benki. Si benki. Ulikuwa mfuko mdogo wa uwekezaji mjini Embu, uliochangiwa na walimu wastaafu na wakulima wa kahawa wa upande wa Runyenjes, na kazi ya Kendi ilikuwa kuangalia watu wanahamia wapi, wana umri gani, wanakosa nini, kisha kuwaambia wazee wale ni biashara gani changa ya kuingia ubia nayo. Kuangalia alijua. Kuwaambia wazee ndiko kulikomtoa jasho.

Safari hii alikuwa amepeleka jina la Ntinyari, mwanamke wa Timau aliyekuwa akilea watoto ishirini na sita katika vyumba viwili vya mbao. Mama zao walikata maua kwenye mashamba makubwa. Likizo ya uzazi ni miezi mitatu, shule ya chekechea haimpokei mtoto kabla ya miaka minne, na geti la shamba linafunguliwa saa moja asubuhi. Hapo katikati mtoto anakaa na nani? Ntinyari alikuwa amejaza pengo hilo kwa mikono yake miwili na jiko la makaa, na akina mama wengine kumi na wanane walikuwa kwenye foleni. Sasa afisa wa afya amempa hadi mwisho wa mwezi: ajenge vyoo, jiko na chumba cha tatu, la sivyo afunge. Mfuko ukiingia ubia, anajenga, na baada yake wanafungua kituo cha pili na cha tatu. Usipoingia, watoto ishirini na sita wanarudi kufungiwa nyumbani pamoja na dada wa miaka tisa.

Upande wa pili wa meza kulikuwa na shule. Mwenyekiti, Mwalimu Salesio Ndwiga, aliyekuwa mkuu wa shule kwa miaka ishirini na mbili na bado alizungumza na watu wazima kama walio kwenye gwaride la asubuhi, alitaka shule ya msingi ya kibinafsi ijengwe Karurumo, kwao. Pesa zilitosha mradi mmoja tu. Mwalimu alikuwa na karatasi ya sensa ya mwaka 2019, ameikunja mara nne na kuibeba katika mfuko wa shati hadi imelainika. Kata ndogo ile ilikuwa na watoto mia sita na kumi na wawili wa chini ya miaka mitano. Leo, alisema, hao wote wana umri wa shule.

Hesabu yenyewe haikuwa na kasoro. Aliyekuwa na miaka miwili wakati ule ana minane sasa, na ndivyo Kendi mwenyewe angeanza. Lakini Kendi hakuishia kwenye karatasi. Alizunguka shule zote za pale, za serikali na za kibinafsi, akaomba idadi ya gredi ya kwanza hadi ya tano. Alipata mia mbili na themanini na saba. Zaidi ya nusu ya watoto walikuwa wameyeyuka, na hakuna ugonjwa wala njaa iliyopita hapo. Kule Timau mambo yalikuwa kinyume. Zahanati ilikuwa imechanja surua, ile chanjo ya miezi tisa, karibu mara mbili ya watoto wachanga ambao sensa ilisema wapo, mwaka uleule wa sensa, hata ukiondoa waliotoka vijiji vya mbali.

Aliwaeleza haya kwa dakika arobaini. Wazee walinywa chai. Mama Ciakuthii, mweka hazina, aliuliza kama zahanati haiwezi kukosea. Mwingine aliuliza ni nani alilipa mafuta ya kwenda Timau. Mwalimu Salesio alisema, kwa upole unaokera kuliko matusi, kwamba vijana siku hizi wakiona takwimu ya serikali wanataka kuisahihisha.

Ndipo Kendi alipouliza swali ambalo hakuwa ameliandaa. Aliuliza ni nani kati yao, usiku ule wa sensa, Jumamosi, alikuwa na watoto wake na wajukuu nyumbani.

Mikono yote ilipanda. Na kwa fahari! Wote walikumbuka. Pesa za kaunti hufuata idadi ya watu, viongozi walikuwa wametangaza makanisani na sokoni kila mtu arudi nyumbani kuhesabiwa, na shule zilikuwa zimefungwa. Mama Ciakuthii alikuwa amechinja kuku watatu. Mwalimu Salesio alisema nyumbani kwake walihesabiwa watu kumi na wanne, na karani akaishiwa nafasi kwenye kifaa chake, au alisema hivyo kuwafurahisha.

"Na Jumatatu walikuwa wapi, Mwalimu?" Kendi aliuliza.

"Walirudi kazini."

"Kazini wapi?"

Mwalimu alikunja karatasi yake. "Nairobi. Thika. Binti yangu Njoki yuko Timau, kwa maua."

"Na mtoto wake anaachiwa nani?"

"Kuna mama fulani hapo," alisema Mwalimu.

Kwa kitambo Kendi aliamini ameshinda, maana sasa kila mtu mezani alijua mia sita na kumi na wawili ni akina nani: ni wajukuu wao, waliolala Karurumo siku mbili tu. Kisha kura ikapigwa. Sita kwa shule, wawili kwa Timau. Kendi hakuwa na kura.

Alibaki akikusanya karatasi zake kwa kishindo, bila kujali nani anaona. Mwalimu Salesio alisubiri wengine watoke.

"Unadhani sijakuelewa," alisema. "Nimekuelewa kabla umalize. Lakini shule ikiwa hapo, nzuri, watarudisha watoto. Tukijenga huko Timau tumekubali hawarudi."

Alitoa simu ili amthibitishie, akampigia Njoki, akaweka sauti ya nje ili Kendi asikie. Ilikuwa saa ya mapumziko ya mchana, na nyuma ya Njoki wanawake walikuwa wakiongea Kimeru. Mwalimu akamwambia shule itajengwa, na mjukuu wake atakuwa wa kwanza kuandikishwa. Atakaa na babu yake.

"Na mimi, Baba?"

"Wewe utakuja pia."

"Nikuje nifanye kazi gani hapo?"

Kendi aliangalia chini, kwa kuwa mtu aliyemtesa asubuhi nzima alikuwa akibanwa mbele yake na binti yake mwenyewe, na hilo halikumfurahisha hata kidogo.

"Tutaona," Mwalimu alisema.

"Sawa, Baba. Wacha nirudi ndani, supervisor anatuita. Halafu kuna shida, yule mama wa kuniwekea mtoto anasema anaweza fungiwa. Kama unajua mtu anaweza msaidia, ongea na yeye."

Simu ikakatika. Mwalimu Salesio aliirudisha mfukoni, akachukua kofia yake, akamwomba Kendi amwandikie muhtasari wa mkutano ufike kwake kabla ya Ijumaa, ukionyesha wazi kwamba kura ilikuwa halali.