Jina la Kwanza Kwenye Orodha

Noela alikuwa na kipaji ambacho hakijawahi kumpatia chochote zaidi ya kazi za bure: aliweza kusoma maandishi ya kiserikali, yale yanayoonekana kama yameandikwa ili yasisomwe, kisha akayaeleza kwa Kiswahili ambacho mtu anakielewa huku anakunywa chai. Ukoo mzima ulilijua hilo. Kila aliyepata barua yenye mhuri alimtafuta yeye.

Safari hii aliyemtafuta alikuwa Pantaleo Masunga, mjomba wake, kaka wa marehemu mama yake. Pantaleo alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga kijijini Kolandoto, na alikuwa amepata mnunuzi Kigali, mama mmoja aliyetaka lori zima la mchele. Sharti la yule mama lilikuwa moja. Mchele uje na cheti cha uasili, cha kuthibitisha kwamba ni wa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ukiwa na cheti unavuka mpaka wa Rusumo bila ushuru wa forodha. Usipokuwa nacho unatozwa kama mchele wa kutoka nje ya Jumuiya, na kwa ushuru huo asingenunua hata kilo.

Kwa hiyo mjomba alifika na bunda la karatasi lililochapishwa steshenari: sura ya mkataba wa Jumuiya inayohusu ushuru, na kanuni za uasili zilizoambatishwa, vyote kwa Kiingereza. Aliomba muhtasari wa kurasa mbili. Noela hakuweza kukataa. Mama yake alipofariki mwaka juzi, huyu ndiye aliyelipa ada yake ya chuo iliyobaki, na hakuwahi kumkumbusha, jambo ambalo katika ukoo ule ni la ajabu.

Alikaa na karatasi zile siku tatu. Aliandika kwamba kuna njia mbili za bidhaa kuhesabika ya kwetu. Ya kwanza, iwe imepatikana yote ndani ya nchi wanachama, kama mazao yaliyolimwa na kuvunwa humo. Ya pili, ikiwa ina malighafi ya kigeni, malighafi hiyo iwe imegeuzwa vya kutosha, na kila aina ya bidhaa ina kipimo chake. Mchele unapita njia ya kwanza tu. Mpunga wa Uganda ukikobolewa Kolandoto bado ni sawa, kwa sababu Uganda ni mwanachama. Na kuna kazi ambazo hata ukizifanya mwaka mzima hazibadilishi asili ya kitu: kupepeta, kuchambua, kuchanganya, kufungasha, kubandika nembo. Hilo la mwisho alilipigia mstari.

Aya ya kumalizia aliiandika kwa moyo mweupe kabisa, akiwafikiria wafanyabiashara wadogo wanaokwama kwa kukosa karatasi. Aliorodhesha ambayo ofisa angeweza kuyadai: majina ya wakulima, vijiji vyao, magunia ya mpunga waliyouza, daftari la mashine. Tena akaeleza kwamba msafirishaji ndiye anayesaini tamko, na nchi inayopokea inaweza kuomba uhakiki hata baada ya mzigo kufika.

Alimpelekea mjomba pale mashineni. Baada ya shikamoo na marahaba, akamsomea yote. Mjomba alisikiliza vizuri mpaka penye kuchanganya, akamsimamisha, akimwita “mama” kwa Kisukuma kama alivyozoea.

“Mayu, mahali fulani nimeona asilimia sabini. Malighafi ya kigeni isizidi sabini. Sasa mtu akichanganya, wa kwetu ukawa thelathini?”

Noela akamweleza kwamba kipimo hicho ni cha bidhaa nyingine, zile zinazotengenezwa zikawa kitu kipya. Mchele uliomwagiwa mchele mwingine ni mchele uleule. Mjomba akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayehesabu kitu kingine.

Alipokuwa anaondoka alipita nyuma ya ghala, akaona magunia ya mchele. Yalikuwa na maandishi ya Asia, picha ya tausi na uzito wa kilo hamsini, na yalipangwa hadi darini. Kando yake vijana wa mashine walikuwa wanafungua mifuko mipya myeupe iliyoandikwa Mchele Safi wa Kolandoto. Harufu ya vumbi na dawa ya wadudu ikampanda puani. Mjomba alimfuata mbio, akasema huo ni wa kuuza mjini, kwa mama lishe, si wa Kigali. Noela alimwamini, maana kutomwamini kungemlazimisha aikumbuke ada aliyomlipia. Hilo ndilo lililomchukiza zaidi baadaye, jinsi alivyoharakisha kuamini.

Na njiani kurudi mjini aliona mpunga wa majaruba umejaa nyumba hadi nyumba, wakulima hawana wa kumuuzia.

Wiki ya pili alipigiwa simu na Kudra, ofisa aliyeshughulikia maombi ya vyeti. Mwombaji alikuwa ameandika namba ya Noela kama mtu wa kuulizwa, na muhtasari wake umebanwa kwenye faili. Alipofika ofisini, mjomba alikwishakaa, amevaa koti la misibani.

Kudra alikuwa mwanamke mpole, mwenye kalamu tatu na subira nyingi. Akamsogezea faili. Noela akafungua. Kila kitu alichokiorodhesha kilikuwapo, tena kwa mpangilio wake mwenyewe: majina, vijiji, magunia, daftari la mashine lenye kurasa safi kama za jana. Mjomba alikuwa amefuata muhtasari hatua kwa hatua, kama mpishi. Aya aliyoiandika kuwasaidia waaminifu ndiyo iliyokuwa imemfundisha kudanganya.

Halafu akatazama orodha ya wakulima, na akaijua. Ilikuwa imenakiliwa kutoka daftari la kikundi cha wanawake wa mpunga, lililobaki kwenye kabati la mama yake. Mama alikuwa katibu, na katibu hujiandika wa kwanza. Aliyenakili hakuona haja ya kumruka.

Kudra akasema nyaraka ni nzuri, kwa kweli ni nzuri kuliko anazozoea, ila kabla ya kutoa cheti angependa kumtembelea mkulima mmoja. Akaweka kidole juu kabisa. “Tuanze na huyu. Limi Masunga, gunia kumi na tano, msimu huu.”

“Huyo yuko mbali, mama,” mjomba alisema haraka. “Chagua mwingine wa karibu.”

Noela alimtazama. Pantaleo hakumtazama, aliangalia viatu vyake, na pale tu ndipo Noela alipojua kwamba mjomba aliliona jina alipokuwa akilinakili, akaliandika hivyo hivyo. Ada ya chuo, koti la misibani, mkono uliomshika bega kaburini, vyote sasa vilimchukiza. Alitamani kutema mate.

“Si mbali,” alimwambia Kudra. “Ni Kolandoto, nyuma ya nyumba yetu. Naweza kukupeleka leo. Ila utakuta kaburi. Ni mama yangu.”

Kudra akafunika kalamu yake. Mjomba akasema “Mayu” mara moja, kwa sauti ya chini.

Noela akaomba arudishiwe kurasa zake mbili. Kudra akakataa kwa upole: ni sehemu ya ombi, na ombi sasa linakwenda kwenye uchunguzi pamoja na kila kilichomo. Basi vikabaki katika faili moja, maandishi yake na jina la mama yake.