Hatua ya Nne ya Kusoma Lebo

Mwalimu Tekla Ngalimoto aliandika karatasi ya somo kwa Kiswahili, ingawa Baiolojia hufundishwa kwa Kiingereza. Alitaka wanafunzi wake wa kidato cha pili waweze kuipeleka nyumbani ikasomwe na mama zao. Ilikuwa ya kurasa mbili, mbele na nyuma, yenye kichwa "Namna ya kusoma lebo ya kitafunwa", na hatua tano. Shule yao iko upande wa Lumemo, na kantini yake huuza karibu kila kitu kinachoweza kutiwa kwenye mfuko wa plastiki.

Siku ya somo aliwaambia waje na maganda ya vitafunwa walivyokula wiki ile. Yakajaa madawatini: ya biskuti, ya bisi, ya ubuyu, ya krispi. Aliwagawa katika makundi ya watu wanne, kila kundi likachagua ganda moja.

"Hatua ya kwanza," alisema. "Tafuteni uzito wa pakiti nzima. Halafu tafuteni kiasi cha kuliwa mara moja. Pakiti ina sehemu ngapi?"

Kundi la Angelina lilikuwa limechagua vijiti vya mchele na karanga. Tekla alilitambua lile ganda la kijani kutoka mbali, akafurahi. Vilikuwa vijiti vya Balbina.

Balbina alikulia kwa akina Tekla. Mama yake alifariki Balbina akiwa na miaka saba, huko Mahenge, na mama yake Tekla, Bibi Paulina, akamchukua. Walilala kitanda kimoja, wakapokea komunyo ya kwanza siku moja. Balbina alipoanza kukaanga vijiti nyumbani kwake Viwanja Sitini, Tekla ndiye aliyemwendea mkuu wa shule kumwombea nafasi kantini. Wakati ule vilikuwa mchele na karanga na chumvi kidogo tu, kwenye mifuko isiyo na maandishi. Baadaye lebo ilipokuja, Tekla aliiona upande wa mbele, maneno makubwa meupe BILA SUKARI, akamkumbatia ndugu yake.

"Mwalimu, pakiti ni gramu tisini," alisema Angelina. "Kiasi cha mara moja ni gramu thelathini. Kwa hiyo sehemu tatu."

"Vizuri. Wewe ulikula sehemu ngapi?"

"Pakiti nzima, mwalimu."

Darasa lilicheka. Tekla naye alicheka. "Basi hatua ya pili ni hiyo. Jedwali linakupa namba za sehemu moja. Zidisha kwa ulichokula kweli, usizidishe kwa walichotaka ule."

Angelina aliandika ubaoni. Nishati, kilokalori mia moja ishirini na nane, mara tatu, mia tatu themanini na nne. Wanga kwa jumla, gramu ishirini na mbili, mara tatu, sitini na sita. Chini ya wanga palikuwa na mstari mwingine wa maandishi madogo zaidi: kati yake, sukari, gramu saba. Mara tatu, ishirini na moja.

Angelina alisita akiwa ameshika chaki.

"Endelea," alisema Tekla. "Hatua ya tatu. Gramu nne za sukari ni kama kijiko kimoja cha chai."

"Ni vijiko vitano na kitu, mwalimu. Lakini mbele pameandikwa bila sukari."

"Umesoma vibaya. Lete."

Alilichukua ganda. Angelina hakuwa amesoma vibaya. Tekla alisoma orodha ya viambato, ambayo ndiyo hatua ya nne, na ambayo aliiandika mwenyewe: kinachotajwa kwanza ndicho kingi kwa uzito, na sukari ina majina mengi. Unga wa mchele. Sharubati ya glukosi. Karanga. Asali. Mafuta ya alizeti. Chumvi.

Sharubati ya glukosi ilikuwa ya pili.

"Mwalimu," alisema Angelina, kwa upole, kama mtu anayehisi amekosea mahali. "Sharubati ya glukosi si ipo kwenye karatasi yako? Kwenye yale majina mengine ya sukari."

"Ipo," alisema Tekla. "Umesoma sawasawa. Kaa."

Alimaliza kipindi. Aliwafundisha hatua ya tano, kwamba maneno ya mbele husomwa mwisho, baada ya nyuma kusomwa, na kwamba wenye mzio watafute karanga, maziwa na ngano, na kila mtu atazame tarehe ya mwisho wa matumizi. Sauti yake ilitoka kama kawaida. Lakini kichwani alikuwa anahesabu pakiti nyingine, ambazo hazikuliwa shuleni.

Bibi Paulina alikuwa na kisukari mwaka wa sita sasa. Tangu Pasaka iliyopita Balbina alikuwa akimpelekea pakiti kumi na nne kila Jumapili baada ya misa, mbili kwa siku. "Hizi ni zako, mama," alikuwa akisema. "Hazina sukari. Wewe kula bila wasiwasi." Na tangu miezi ileile kipimo cha sukari cha asubuhi kilikuwa kimegoma kushuka. Kumi na moja. Kumi na mbili nukta nne. Kliniki walimwongezea dawa, kikashuka kidogo, kikapanda tena.

Tekla alikuwa ameamua kwamba mama yake anaficha. Alipekua chumba chake, chini ya godoro na kwenye sanduku la vitenge. Alifungia sukari ya chai kabatini na kutembea na ufunguo. Na mwezi wa saba, kliniki, mbele ya Evarist, yule nesi mrefu wa kisukari, alisema wazi, "Mama haniambii ukweli. Anakula vitu kwa siri."

Bibi Paulina alikuwa ametazama mikono yake. "Sili," alisema. Evarist aliandika kitu kwenye kadi.

Tekla alitoka shuleni saa nane akachukua bodaboda hadi Viwanja Sitini. Balbina alikuwa uani na wanawake wawili wanaomsaidia, wanatia vijiti kwenye pakiti na kuziba midomo kwa mashine ndogo ya moto. Alimwona Tekla akafurahi, akafuta mikono kwenye khanga.

"Karibu, dada. Mbona saa hizi? Umekula?"

Tekla alimwomba waingie ndani. Akaweka ganda mezani, upande wa nyuma ukiwa juu.

"Nisomee hapa."

Balbina alitazama lakini hakusoma. "Hizo ni za watu wa maabara. Mimi sijui zile namba."

"Viambato je? Viambato nani aliwaambia?"

Balbina aligeuza ganda, upande wa mbele ukawa juu. Nje mashine iliendelea kuziba.

"Mimi," alisema.

"Sharubati ya glukosi umeanza kuweka lini?"

"Mwaka jana. Watoto walikuwa hawavitaki, Tekla. Vilikuwa vikavu. Uliviona mwenyewe vinarudi kutoka kantini. Nikajaribu na sharubati na asali kidogo, vikashikana vizuri, vikang'aa. Wakaanza kuviulizia."

"Na mbele ukaandika bila sukari."

"Sukari sijaweka. Ingia jikoni kwangu utafute. Hutaiona hata punje."

Tekla alimwangalia. Alikuwa amejiandaa kusikia kwamba hakujua. Njia nzima kutoka Lumemo alikuwa anamtengenezea hilo jibu: kwamba alidanganywa na aliyemuuzia sharubati, kwamba lebo ilikosewa huko ilikochapwa. Angelikubali lolote kati ya hayo.

"Wakati unampelekea mama zile pakiti," alisema, "ulikuwa unajua kuna glukosi ndani?"

"Nilifikiri ni kidogo."

"Pakiti mbili ni gramu arobaini na mbili. Ni vijiko kumi vya sukari kwa siku, Balbina, na wanga mwingine juu yake. Ulikuja kliniki pamoja nasi. Ulishika mkoba wake. Ulisikia nikimwita mwongo mbele ya nesi, na ulikuwa umesimama palepale."

Balbina alifunika macho kwa kiganja. "Ningesema ungenitoa shuleni."

"Ndiyo. Ningekutoa."

"Basi unaona."

Hakulia, na Tekla pia hakulia. Alichukua ganda lake. Balbina alimfuata hadi mlangoni akamwuliza kama angemwambia mama. Tekla alitembea hadi barabarani.

Alimkuta Bibi Paulina barazani anapeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umewahi leo."

Tekla alikaa chini kwenye mkeka na kumpa ile karatasi ya wanafunzi pamoja na pakiti moja kutoka kwenye kikapu cha Jumapili. Alisema tu, "Soma hii, halafu soma hiyo."

Bibi Paulina alisoma polepole, miwani ikiwa puani, kidole kikifuata mstari. Alisoma hatua ya kwanza akageuza pakiti. Alisoma ya pili. Kwenye ya nne alikaa muda mrefu. Alimwuliza binti yake neno moja tu, sharubati, akajibiwa.

"Balbina alijua?"

"Alijua, mama."

Mzee alivua miwani. Alitazama ungo wa mchele kama aliyesahau ulikuwa wa nini. "Nilimnyonyesha nani basi," alisema, ingawa Balbina alikuwa amefika kwake akiwa mtoto wa miaka saba na hakunyonyeshwa. Kisha akasema, "Na wewe."

"Mimi nilikukosea, mama."

"Ulipindua godoro langu."

"Naam."

"Nilikuambia sili. Nilikuambia mara tatu. Ile karatasi ya plastiki uliiamini, mimi hukuniamini. Na kuisoma hukuisoma."

Tekla aliomba msamaha. Bibi Paulina alisema amesikia. Hakusema amesamehe. Alirudi kwenye ungo, akaendelea kupeta.

Asubuhi iliyofuata Tekla alimweleza mkuu wa shule, Mwalimu Marcelino, na kumwonyesha ganda. Vijiti viliondolewa kantini siku ileile. Afisa afya wa kata alikuja akachukua pakiti tatu na kuandika maelezo. Wiki mbili baadaye Balbina aliagizwa kuacha kuuza mpaka maneno ya mbele yabadilishwe. Parokiani watu walisema Tekla amemchoma ndugu yake. Wengine walimpita bila kumsalimu.

Kliniki, Tekla alimwambia Evarist yote, mama yake akiwa amekaa kando. Evarist alisikiliza hadi mwisho. Alisema kuacha vile vijiti ni vema, lakini wasidhani sukari peke yake ndiyo tatizo. Unga wa mchele nao ni wanga, na hata vijiti vya zamani visingekuwa vya kula mbili kwa siku. Mwezi mmoja baadaye kipimo cha asubuhi kilisoma nane nukta sita. Hakikuwa kizuri bado. Kilikuwa cha chini kuliko vyote tangu Pasaka.

"Bibi, nisamehe," alisema Evarist akiandika kwenye kadi. "Mwezi wa saba niliandika kwamba hufuati masharti."

"Yafute," alisema Bibi Paulina.

Evarist alipiga mstari juu ya maneno yale, akaweka sahihi pembeni na tarehe. Bibi Paulina aliichukua kadi, akavaa miwani na kuhakikisha mwenyewe. Tekla alinyoosha mkono amshikie mkoba. Mama yake aliuvuta upande wake, akaubeba mwenyewe, wakatoka.