Laki Sita Niliyoiandika Mwenyewe

Siku hiyo tulikuwa Kinyangiri, wilayani Mkalama, mimi na Chediel, na mizani yetu ya kuning'iniza kwenye mti wa miguu mitatu. Mimi kazi yangu ni kununua alizeti kwa niaba ya kampuni. Chediel anapima, mimi nabishana. Tumegawana kazi kwa haki: yeye anaumia mgongo, mimi koo.

Aliyekuwa mbele yetu ni Theodora, mwenye magunia kumi na nane na mdomo wa magunia arobaini.

"Haya dada," nikamwambia, "wewe unategemea bei gani?"

Hilo ndilo swali langu la kwanza kwa kila mkulima, mwaka wa saba sasa. Sitaji bei yangu. Namwacha ataje yeye. Tisa kati ya kumi wanataja chini ya ile niliyopewa na ofisi, maana mtu anaogopa nisije nikaondoka na gari langu. Mimi nakunja uso, najifanya wamenikaba, kisha nakubali. Ofisi inanisifia, mkulima anashukuru. Sisemi ni jambo la kwenda kuungama kanisani, lakini pia sijawahi kulisimulia kanisani.

Theodora akavuta kanga, akakaa juu ya gunia lake.

"Eliana, nani kamfuata mwenzake hapa? Mimi nimekuja kwako au wewe umekuja kwangu?"

"Nimekuja mimi."

"Basi mwenye safari ndiye anayejua amebeba nini. Sema."

Chediel akaficha kicheko kwa kikohozi. Simu ikaniokoa. Ikalia mfukoni, nikasogea pembeni nikajifanya ni ofisini.

Haikuwa ofisini. Ilikuwa ujumbe wa Rahma, yule dada wa wakala wa ajira wa Dar es Salaam. Wiki iliyopita alinihoji kwa simu nusu saa nzima kuhusu kazi ya msimamizi wa ununuzi wa alizeti, Singida yote, kituo Singida Mjini, mkataba wa miaka miwili. Ulisomeka hivi:

"Habari Eliana, hongera kwa kupita hatua ya kwanza. Kabla ya kupeleka jina lako kwa mwajiri kwa hatua ya pili, tafadhali thibitisha matarajio yako ya mshahara kwa mwezi, kabla ya makato. Kwenye fomu uliandika 600,000. Tuma pia slipu za mshahara za miezi mitatu na muda wa notisi. Naomba jibu kabla ya saa kumi jioni leo."

Saa ilikuwa saba na robo.

Niseme kwanza kwa nini kazi hii nilikuwa naitaka kuliko kawaida. Kampuni yetu ilishatutangazia kwamba msimu huu ukiisha tawi la Singida linafungwa. Ikifika Septemba, mimi na Chediel tutakuwa raia wema wenye muda mwingi. Nina mtoto kidato cha pili, Mungu amjalie, anakula kama mashine ya kukamua mafuta.

"Ndio wao?" Chediel akanifuata. "Wamesemaje?"

Nikampa simu. Akasoma midomo ikitembea.

"Si wanakuuliza tu uthibitishe? Thibitisha, bosi. Laki sita hiyo hiyo. Sasa hivi slipu yako inasoma laki nne na nusu. Umepanda."

"Umepanda," nikarudia, nikajisikia vizuri kama dakika mbili. Nikaanza kuandika: *Ndiyo, nathibitisha...*

Halafu nikaacha kuandika. Nilikumbuka siku ile ninajaza fomu, steshenari moja pale Singida Mjini. Kisanduku cha mshahara kiligoma kupita bila namba. Nikajiuliza: nalipwa ngapi? Laki nne na nusu. Basi nikaongeza laki na nusu ya heshima, nikabonyeza.

Sisi wanunuzi wa mazao tuna ugonjwa mmoja. Ukituuliza mshahara, tunakutajia ule wa kwenye karatasi, ule wa kutunywesha chai tu kati ya Septemba na Aprili. Pesa yenyewe ni kamisheni, shilingi thelathini kwa kila kilo, na hiyo hatuiiti mshahara. Tunaiita msimu. "Msimu ukija nitapaua nyumba." Msimu uliopita nilinunua tani mia mbili. Piga mwenyewe. Ukiitawanya mwaka mzima ukaichanganya na huo mshahara wa chai, inakaribia laki tisa na nusu kwa mwezi.

Na Rahma aliniambia kwa sauti yake tamu wakati ananihoji: kazi mpya haina kamisheni. Mshahara mmoja, mwaka mzima. Nilimjibu "safi kabisa." Safi kabisa! Mtu anakuondolea nyama kwenye sahani, unamwambia safi.

"Chediel," nikasema, "nikithibitisha hii, ukitoa pensheni na kodi, nabaki na laki tano na kidogo. Kwa kusimamia wanunuzi kumi na wawili. Wewe mwenyewe, na posho zako za mizani, msimu huu utanizidi."

Akafikiri. "Sasa ukibadilisha watakuona kigeugeu. Mimi mwaka ule kwenye kiwanda cha mafuta nilidai elfu hamsini zaidi, nikaambiwa nikapumzike nyumbani. Nimepumzika miezi kumi na moja, Eliana. Kupumzika kunachosha."

Sikumcheka. Miezi kumi na moja ile mkewe aliuza kuku mpaka wa kutagia.

"We Eliana!" Theodora akaita. "Unanunua au umepata mchumba?"

"Nakuja dada!"

"Maana umeniuliza bei kabla hata ya kunipimia. Unataka nijue thamani kwa macho?"

Nikasimama pale katikati, simu mkononi, nikamwangalia huyu mama aliyekaa juu ya mali yake. Kisha nikausoma tena ujumbe. Matarajio yako ya mshahara. *Wewe unategemea bei gani?*

Jamani! Mwaka wa saba natega watu kwa mtego huu, na nimeingia mzima mzima, tena nimejifungia mlango kwa ndani. Rahma ana bei ya ofisi mfukoni kama mimi. Ananiacha nitaje. Nimetaja chini, na sasa anaomba nitie sahihi kabla sijazinduka.

Nikarudi kwenye mizani, nikamtajia Theodora bei niliyopewa na ofisi. Yote. Chediel akageuka kunitazama kama nimeugua.

"Hiyo sasa ni lugha," Theodora akasema. "Pima."

Magunia yakaanza kupanda. Mimi nikapiga simu Dar.

"Dada Rahma, habari za kazi. Eliana hapa, wa Singida."

"Nzuri, Eliana. Umeona ujumbe? Unathibitisha laki sita, siyo?"

"Hapana. Hiyo nimeifuta."

Nikasikia sauti ya kibodi.

"Unajua uliiandika mwenyewe?"

"Niliandika mimi, nafuta mimi. Sikumtuma mtu. Niliandika kabla hujaniambia kwamba kamisheni haipo. Ukitoa kamisheni, hiyo ni kazi nyingine, nayo ina bei nyingine. Mwajiri ametenga kiasi gani?"

"Bajeti ya mteja siruhusiwi kuitaja."

"Mimi nimetakiwa niitaje yangu mara mbili, fomu na ujumbe. Yeye hata mara moja?"

Akacheka, cheko la kiofisi. "Ndiyo utaratibu, Eliana. Ila nikuambie kama dada, wagombea mko watatu. Mmoja ameshathibitisha laki saba. Na tukiangalia maisha ya Singida, gharama siyo za Dar."

"Sawa. Mafuta ya pikipiki hapa tunauziwa bei ya huko huko, tena na nauli juu. Na alizeti ya Mkalama haiji Dar kujiuza yenyewe." Chediel alikuwa ananipungia mkono nipunguze sauti. Nikaipandisha. "Nikuulize hivi, dada. Nikitaja milioni moja na laki nne kabla ya makato, jina langu linakwenda kwa mwajiri au linatoka?"

"Linakwenda," akasema.

Haraka hivyo. Bila hata kukohoa. Moyo ukaniuma papo hapo: ningetaja moja na nusu! Ndiyo maumivu ya mkulima hayo, nimewasababishia wengi, siku hiyo na mimi nikayaonja yakiwa ya moto. Lakini nilishasema mwenyewe kwa mdomo wangu, na kigeugeu mara moja inatosha kwa siku.

"Basi andika hiyo," nikasema. "Na andika kwamba pikipiki na mafuta ni vya kampuni."

"Hayo ya vitendea kazi yatajadiliwa wakati wa ofa. Ukianza na masharti sasa mwajiri anaweza kukuruka."

"Aniruke akiwa ameelewa. Nimeendesha pikipiki yangu miaka saba nikiambiwa tutajadili. Mpaka imekufa hatujajadili."

"Haya. Slipu zako?"

"Slipu inaonyesha laki nne na nusu. Ukimpelekea hiyo peke yake, ataona laki nne na nusu, hataona tani mia mbili. Nitakutumia na karatasi za kamisheni za msimu mzima, kwa pamoja. Za nusu nusu sitoi."

"Eliana," akasema, na safari hii sauti haikuwa ya ofisini, "nikipeleka hivi na wakasema hapana, sina la kukusaidia. Wale wawili wako rahisi."

 Niliona Septemba ikinijia, na yule mtoto na sahani yake. Niliona laki tano na kidogo, ambazo ni pesa, jamani, watu kule vijijini Mgori wanalea familia kwa chini ya hapo. Ningeweza kurudi nyuma kwa neno moja tu na hakuna ambaye angenicheka, labda Theodora.

"Waambie mimi siyo rahisi," nikasema. "Notisi yangu mwezi mmoja. Nakuandikia sasa hivi yote haya, ili yasibaki hewani."

Nikaandika kwa vidole vyenye vumbi la alizeti: milioni moja na laki nne kabla ya makato, bila kamisheni; pikipiki na mafuta ya kampuni; slipu pamoja na kamisheni. Nikatuma saa nane na dakika ishirini.

Chediel akavuta gunia la mwisho. "Umeua kazi," akanong'ona.

"Kama inakufa kwa kutajiwa bei, ilikuwa inaumwa."

Tulipakia. Tukanunua kwa watu wengine wanne, na wote niliwatajia mimi kwanza, na ofisi ikinipigia kuuliza nitajua la kusema. Saa kumi ikafika, ikapita. Chediel akanipa nusu ya muhogo wake wa kuchoma, kama mtu aliyekuja msibani.

Saa kumi na moja kasoro, tuko juu ya gari, simu ikatikisika.

"Eliana, jina lako limepita. Mahojiano na mwajiri ni Alhamisi saa nne asubuhi, Singida Mjini. Njoo na vyeti halisi. Wanasema namba yako iko juu, ujiandae kuieleza."

Nikamsomea Chediel kwa sauti, dereva naye akasikia bila kuombwa. Hawajanipa kazi. Wanaweza kunisikiliza Alhamisi wakampa yule wa laki saba, na Septemba ikanikuta nimekaa. Lakini laki sita haipo tena mezani, nimeifuta kwa mkono ule ule.

"Sasa utawajibu nini?" Chediel akauliza.

Nilikuwa nimeshaandika.

"Asante dada Rahma. Nitakuja, na nitaieleza. Waambie na wao waje na namba ya kwao, waieleze."